Maelekezo ya tiba ya upele kwa nyumba nzima

Nyote saba mtapakwa dawa Ijumaa hii usiku, na asiyejikuna pia. Aliyeambukizwa upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anawaambukiza wenzake. Mpigieni simu leo shangazi aliyelala na watoto wiki iliyopita. Naye ajipake usiku huohuo, huko aliko. Dada wa kazi msimsahau.

Dawa yenu ni krimu ya pemethrini 5%. Mtu mzima atatumia tyubu moja ya gramu 30, watoto wa miaka 9 na 6 nusu tyubu kila mmoja. Kichanga wa miezi 8 apakwe kiasi kidogo, kama alivyoelekezwa mama kwenye dirisha la dawa.

Msipake mkitoka tu kuoga maji ya moto. Ngozi iwe imepoa na kukauka. Kateni kucha kwanza. Pakeni kuanzia shingoni hadi nyayoni, si penye vipele tu. Watu husahau katikati ya vidole, chini ya kucha, viwiko, kitovu, chini ya matiti, sehemu za siri na mfereji wa makalio, na huko ndiko wadudu wa upele hupenda kujichimbia. Mgongo mpakane. Bibi na kichanga wapakwe pia kichwani, usoni na nyuma ya masikio, mkikwepa macho na mdomo. Kichanga avalishwe soksi mikononi asilambe dawa. Mama, futa dawa kwenye chuchu kabla ya kunyonyesha, kisha upake tena.

Dawa ikae mwilini kwa muda wa saa 8 hadi 14. Ukinawa mikono usiku, ipake upya. Asubuhi ogeni, mvae nguo safi.

Jumamosi hiyohiyo fueni shuka, foronya, taulo na nguo zote zilizotumika siku 3 zilizopita, kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, yaani yale ambayo mkono hauvumilii. Blanketi zito na midoli isiyofulika fungieni kwenye mfuko wa plastiki siku 4. Mdudu akikosa ngozi ya mtu hufa. Kupuliza dawa ya mbu vyumbani hakusaidii kitu.

Ijumaa inayofuata rudieni yote, wote, hata kama mnaonekana mmepona. Watoto waende shule Jumatatu kama kawaida.

Muwasho unaweza kuendelea hadi wiki 4 baada ya wadudu kufa. Msijipake kila siku kwa sababu hiyo, krimu itawachubua; ombeni dawa ya kutuliza muwasho. Rudini kituoni mapema mkiona usaha, homa au magamba mazito, hasa kwa bibi, au vipele vipya baada ya wiki hizo 4.