Ombi la kuongezewa muda, ripoti ya uhifadhi wa viazi

Shikamoo Dokta. Samahani sana kukutumia meseji usiku, ni Tumaini wa mwaka wa pili, yule aliyekuuliza wiki iliyopita kuhusu viazi kuchipua vikiwa stoo. Naomba uniongezee muda wa ile ripoti, badala ya keshokutwa Ijumaa saa kumi jioni nikusanye Jumatano ijayo asubuhi.

Mama yangu alianguka Jumamosi shambani kwetu Isongole, unajua kule mvua ikinyesha njia zinateleza, alikuwa amejitwisha gunia la viazi akateleza kwenye mteremko akaangukia ubavu. Majirani wakamleta huku Mbeya mjini na noa ya kukodi, picha ikaonyesha nyonga imevunjika, na opereshini wamempangia hiyo hiyo Ijumaa asubuhi. Baba alishafariki na mdogo wangu yuko kidato cha pili, kwa hiyo wa kukaa naye ni mimi. Namgeuza, namlisha uji, wakiandika dawa ambayo haipo nakimbia kuitafuta nje, usiku nalala kwenye kanga chini ya kitanda chake. Buti zake bado ziko kwenye mfuko pale pembeni na tope lake, na kila akiamka ananiuliza kama kuna mtu amefunika yale magunia maana anasema yakipigwa jua viazi vitakuwa vya kijani na hakuna atakayenunua.

Kusema ukweli ningekuomba tangu Jumatatu Dokta, ila nilijipa moyo kwamba nitaandikia wodini. Nimejaribu siku tatu, laptopu niliazima kwa rumeti ila soketi ya karibu ni ya mashine ya mgonjwa jirani siwezi kuigusa, na nikiandika kwa simu jedwali zinavurugika.

Kazi yenyewe haijalala. Nilipanga kuhoji wakulima 24 kule Uyole, nimeshawahoji 18, utangulizi na mbinu nimemaliza, kilichobaki ni wale 6 na uchambuzi. Hao 6 nitawapigia simu, namba zao ninazo. Nimekuambatanishia hapa nilipofikia ili uone, pamoja na picha ya karatasi ya rufaa ya mama.

Kama utaratibu unataka nikatwe maksi za kuchelewa nitakubali Dokta, ila sitaki nikupe kitu cha kuunga unga maana hii mada naipenda kweli, ni maisha ya nyumbani kwetu kabisa. Na kama Jumatano ni mbali sana basi hata Jumatatu jioni, nitamwomba mama mdogo apande kutoka Tukuyu anipokee wodini siku mbili.

Kama kuna fomu ya kujaza idarani naomba unielekeze, naweza kuja kesho mchana saa saba wakati wa kuona wagonjwa, shangazi atakuwepo. Simu nitaiacha wazi.

Asante sana Dokta, usiku mwema.
Tumaini