Jibu: Pendekezo la kubadili nywila kila baada ya siku 30

Dada Zuhura na wenzangu wote, habari za mchana.

Pendekezo la Zuhura nililisoma jana jioni, nikalirudia leo asubuhi kabla ya kuandika. Lengo lake naliunga mkono lote: asiyehusika asiingie tena kwenye akaunti zetu. Ninapotofautiana nalo ni kwenye njia, yaani kumlazimisha kila mtu abadili nywila kila baada ya siku 30. Naona njia hiyo isingezuia kilichotupata wiki iliyopita, mwenzetu mmoja alipobofya kiungo, akajaza nywila kwenye ukurasa wa uongo, na mtu wa nje akaingia kwenye akaunti yake ya barua pepe, na huenda ikatuachia nywila dhaifu kuliko tulizo nazo sasa.

Kwanza niseme hili. Kuna ujumbe hapo juu unaodai kwamba pendekezo limeletwa ili kutusumbua. Sikubaliani na ujumbe huo. Pendekezo lina hoja nzito: nywila ikivuja bila sisi kujua, na ikabaki ileile kwa miaka mitatu, mwizi naye ana miaka mitatu ya kuitumia. Hoja hiyo inastahili jibu, na nitajaribu kuijibu. Vilevile naomba tuache kuulizana humu ni nani aliyebofya kile kiungo. Nimeuona ule ukurasa wa uongo. Nembo ni yetu, rangi ni zetu, hata sentensi ya kukaribisha ni ileile. Yeyote kati yetu angeweza kujaza, mimi nikiwemo.

Sasa turudi kwenye kumbukumbu za mfumo ambazo Zuhura ametuambatanishia, kwa sababu ndizo zilizonifanya niandike. Nywila ilijazwa kwenye ule ukurasa saa 4 na dakika 12 asubuhi. Mtu wa nje akaingia saa 4 na dakika 31. Ni dakika 19 tu. Hata kama mwenye akaunti angekuwa amebadili nywila jana yake, angejaza hiyo mpya na mambo yangekwenda vilevile. Ukomo wa siku 30 unamsumbua mwizi anayekaa na nywila kwa muda mrefu, na huyu wetu hakuwa na haja ya kukaa nayo.

Kuna jambo la pili kwenye kumbukumbu hizo. Alipoingia tu, aliweka kanuni ya kuelekeza nje kila barua pepe yenye neno "ankara". Kanuni ya namna hiyo haifutiki kwa kubadili nywila. Tungebadili na kuridhika, huku barua za ankara zikiendelea kutoka. Zuhura aliigundua kwa sababu alikagua mipangilio ya akaunti, na mimi naona ukaguzi huo ndio uliotuokoa zaidi.

Niseme pia ninachokiona hapa dawati la msaada. Kwenye ule mfumo wa zamani, uliotudai nywila mpya kila siku 90, niliitwa siku moja kurekebisha kibodi. Nilipoinua kibodi nikakuta kikaratasi chenye maneno manne, matatu yamepigwa mstari: `Karibu#1`, `Karibu#2`, `Karibu#3`, na la nne lilikuwa `Karibu#4`. Mwenye meza hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa na kazi nyingi, mfumo ukamdai neno jipya, naye akaupa neno jipya. Mimi pia nilifanya hivyohivyo kwenye mfumo ule, nikaongeza tarakimu moja mwishoni.

Tabia hii imeshapimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walichunguza nywila za akaunti zaidi ya 7,700 zilizokuwa zimefungwa, ambazo wenyewe walilazimika kuzibadili kila baada ya miezi mitatu. Waliokuwa na nywila ya zamani mkononi waliweza kuipata iliyofuata kwa takriban asilimia 17 ya akaunti bila kuvuka majaribio matano. Kwa hiyo mwizi mwenye nywila ya mwezi uliopita wakati mwingine hufungiwa mlango uliobaki nusu wazi. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, iliandika kwenye mwongozo wake `SP 800-63B` kwamba mifumo isidai nywila zibadilishwe kwa kalenda, bali idai zibadilishwe pale panapokuwa na ushahidi kwamba zimevuja. Mwaka 2019 Microsoft nayo iliondoa ukomo wa nywila kwenye mipangilio ya usalama inayoipendekeza kwa Windows 10.

Badala ya kalenda, naomba tuanze na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, kwa akaunti zote za barua pepe, na tuanzie uhasibu. Hapa lazima niwe mkweli: tarakimu zinazotumwa kwenye simu zinaweza kuibwa na ukurasa wa uongo kama nywila, kwa sababu mtu huzijaza palepale na mwizi huzitumia papo hapo. Kwa wanaoidhinisha malipo, basi, napendekeza funguo za usalama za kuchomeka kwenye kompyuta. Ufunguo huo umefungamanishwa na anwani halisi ya tovuti. Ukurasa wa uongo unaweza kuiga nembo yetu, lakini hauwezi kuiga anwani, na ufunguo haujibu. Mtu akichoka au akiwa na haraka, ufunguo hauchoki.

Kuhusu hoja ya Zuhura ya nywila iliyovuja kimyakimya, naona jibu lake ni kulinganisha kila nywila inayowekwa na orodha za nywila zinazojulikana kuwa zimevuja, na kuikataa ikiwemo. Tukidai pia urefu wa herufi zisizopungua 15, na kila mtu akapewa programu ya kutunza nywila, hakuna atakayehitaji kikaratasi. Ushahidi wa kuvuja ukipatikana, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, vifaa vyote vitolewe kwenye akaunti, na kanuni za kuelekeza barua zikaguliwe. Bila hatua hiyo ya mwisho, kazi haijaisha.

Kuna mahali nakubali kabisa kwamba nywila zibadilishwe mara kwa mara. Ile akaunti ya mapokezi inayotumiwa na watu kadhaa inafaa ibadilishiwe nywila kila mmoja wao anapohama au kuacha kazi. Na kama mkataba wetu wowote unadai ukomo wa siku kadhaa kwa maandishi, tuutimize kwenye mfumo unaotajwa, tusiupeleke kwenye mifumo yote.

Zuhura, nina maswali mawili kwako, na majibu yake yanaweza kunibadilisha msimamo. Je, kwenye kumbukumbu kuna dalili kwamba mtu huyu alishawahi kuingia kabla ya siku ile? Nimerudi nyuma wiki sita sikuona, lakini wewe una ruhusa ya kuona zaidi yangu. Na je, siku 30 umezichagua kutokana na sharti fulani la wakaguzi? Kama ndivyo, naomba utuwekee hapa hicho kifungu tukisome pamoja.

Wengine mnaopenda pendekezo la siku 30, naomba mniambie ni sehemu gani ya hoja yangu haisimami, hasa ile ya dakika 19. Ikiwa nimezisoma vibaya zile saa, nitaiondoa.

Kwa upande wangu, nimeshawasha hatua mbili kwenye akaunti yangu na kwenye akaunti ya majaribio. Mkuu akiridhia kwenye kikao cha Alhamisi, Jumatatu naweza kukaa na wenzetu wa uhasibu mmoja mmoja hadi kila mtu aingie bila shida. Zuhura, ningefurahi tukiifanya pamoja, kwa sababu ile orodha yako ya akaunti zenye ruhusa kubwa ndiyo tutakayoianzia.

Juma, dawati la msaada