Soma Hati Yako ya Mshahara: kozi ya simu kwa wafanyakazi wa zamu, Eneo la Viwanda, Nairobi

Kila somo ni dakika tano, maandishi matupu yasiyomaliza bando. Ukikatizwa na kengele ya mashine, utaendelea pale ulipoachia. Kikumbusho kinatumwa saa kumi na mbili jioni, kabla ya zamu ya usiku. Mchana hatutumi chochote, maana mwenzetu wa usiku amelala. Anayekosa jibu anaonyeshwa hesabu yenyewe, kisha anajaribu tena. Hakuna alama wala orodha ya washindi.

Somo la 1: Jumla na mkononi
Shika hati yako ya mwezi uliopita. Tafuta mshahara wa jumla, yaani kabla ya makato: wa msingi, marupurupu na ovataimu. Kilichoingia benki ni kile kilichobaki.

*Jaribio:* Ovataimu huongezwa kabla ya makato au baada yake? (Kabla.)

Somo la 2: Makato matatu
Tumchukue kama mfano dada wa kitengo cha kufungasha anayelipwa shilingi 30,000 kwa jumla. SHIF, mchango wa bima ya afya, ni asilimia 2.75: 825. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5: 450, na mwajiri naye anatoa kiasi hichohicho kutoka mfukoni mwake. NSSF, akiba ya uzeeni, kwake ni asilimia 6: 1,800, na hapo pia mwajiri huchangia kiasi sawa.

*Jaribio:* Mshahara wa jumla ni 20,000. SHIF ni ngapi? (550.)

Somo la 3: PAYE
PAYE ni kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Hapa ndipo wengi huumia kichwa, kwa hiyo twende polepole. Toa kwanza yale makato matatu: 30,000 − 3,075 = 26,925. Kodi inahesabiwa juu ya hizo, si juu ya 30,000.

Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10: 2,400. Zilizobaki, 2,925, hutozwa asilimia 25: 731.25. Jumla ni 3,131.25. Sasa toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400. Dada yetu analipa 731.25 na kwenda nyumbani na 26,193.75.

Rudia hesabu hii kwa kalamu, nyuma ya hati yako. Ukiifanya mara moja kwa mkono wako, haikupotei.

*Jaribio:* Baada ya makato matatu umebaki na 24,000 kamili. PAYE ni ngapi? (Sifuri: 2,400 toa 2,400.)

Somo la 4: Hesabu isipolingana
Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya mshahara kwa maandishi, yakionyesha kila kilichokatwa. Peleka hati na hesabu yako kwa mhasibu, ukiandamana na mwakilishi wa wafanyakazi. Kumbuka pia kwamba kukatwa si kufika: omba NSSF taarifa ya akaunti yako, uangalie mwezi mmoja mmoja.

*Jaribio:* Hati inaonyesha NSSF ya Machi imekatwa, lakini akaunti haina Machi. Unaanza na karatasi gani mbili? (Hati ya Machi na taarifa ya akaunti.)