Hongera Mwanaidi, zamu yako imefika

Shoga yangu Mwanaidi, hongera! Hongera tena na tena, mpaka majirani zako wote wa Ngamiani watoke nje waulize kuna harusi ya nani.

Shemeji alinipigia Ijumaa alfajiri, na nakwambia, yule bwana anayejua kuongea mpaka daladala ikampita kituoni, safari hii maneno yalimkauka. "Wa kike. Mama mzima. Wa kike." Akarudia hivyohivyo, kisha nikasikia analia, nami nikalia, watoto wangu wakaamka wakidhani kuna msiba. Nilipowaambia mama mdogo Mwanaidi amepata mtoto, mdogo wao akauliza swali moja tu: "Tunaenda lini Tanga?"

Kwa hiyo sasa tumekuwa na mtu mpya, kilo 3.2, nywele tele kama aliyekwenda kusukwa kabla ya kuja. Picha nimeikuza nikaiangalia mpaka simu ikaisha chaji. Macho ni yako, mdomo ni wako, ila pua, tusidanganyane, pua ni ya baba yake yote. Tumpe hiyo, maana na yeye amehangaika. Nasikia bibi ameshakataa kusubiri jina la siku ya saba, anamwita Mwanajuma kwa kuwa kazaliwa Ijumaa. Mkimpa jina lingine poleni, huyo kwa bibi yake ni Mwanajuma mpaka aolewe.

Sasa nisikilize vizuri. Hapa kwenye kundi letu hakuna mzazi ambaye hujamkanda. Nani alikuja kwangu na chupa ya uji wa pilipili manga kabla hata sijapandishwa kitanda cha wodini? Nani alinifunga tumbo kwa kanga huku nikipiga kelele, akaniambia nyamaza, utanishukuru? (Nakushukuru.) Nani alisimama mlangoni kama askari, akarudisha wageni kwa sababu "mzazi amelala"? Miaka yote hiyo ulibeba watoto wetu, ukawaogesha, ukawaimbia, na watu wasio na haya wakikuuliza "vipi, na wewe bado?" ukawajibu kwa tabasamu na kurudi jikoni kukoroga uji wa mwenzako. Mimi niliona. Nilikuwa nakuombea bila kukwambia, kwa kuwa nilijua umechoka kuambiwa unaombewa.

Zamu yako imefika, na sisi tumejipanga. Ndani ya hizi siku arobaini ni marufuku kushika mwiko, ndoo wala fagio. Wewe ni kula, kunyonyesha na kulala mtoto akilala. Na zile hotuba zako zote tumezihifadhi: "Maziwa ya kwanza yale ya njano msiyakamue mkamwaga, ndiyo kinga yake." "Miezi sita maziwa ya mama tu, hata maji asionje." "Chanjo haina kesho, beba kadi uende kliniki." Leo tunakurudishia neno kwa neno, na ukibisha tutamwita yule mwalimu wako, yaani wewe mwenyewe.

Shemeji, na wewe hongera sana. Nimeambiwa mbuzi wa akika ameshafungwa uani na amempenda bintiyo kuliko sisi wote, maana analia mtoto akilia. Mfunge vizuri. Nywele zikishanyolewa zipimwe, sadaka itoke, halafu utuachie pilau. Mchele na viungo vinatoka kwetu. Ila nakuomba jambo moja kwa dhati: usiku mtoto akiamka, usijifanye umelala. Mpokee mwenzio, mcheulishe mtoto, mtembeze sebuleni. Mwanaidi hawezi kuomba msaada, hajui namna. Inabidi umtazame usoni ndipo uone.

Na wewe binti, karibu sana. Hujui bado umekuja kwa nani. Umekuja kwa mwanamke anayeijua homa ya mtoto kwa kugusa paji la uso, anayepika mikate ya kumimina isiyoshikana chini, anayekumbuka dawa ya kila mgonjwa wa mtaa mzima. Una kaka na dada wengi kabla hujajua kugeuka kitandani, wote wamewahi kulala kifuani kwa mama yako. Mungu akukuze, akupe afya, akufanye wa kheri kwa wazazi wako.

Mwanaidi, Jumatano napanda basi la kwanza kutoka Dar. Nakuja na kanga zangu za zamani zilizofuliwa mpaka zikawa laini, nimekutunzia kwa ajili ya kumfunika, na kuku wawili wa kienyeji kwa mchuzi wako. Chupa ya uji ile ile uliyoniletea wewe ninayo bado. Usinipikie, usinitandikie, usije kunipokea stendi. Mwambie shemeji aache geti wazi tu.