Barua ya kuambatana na rasimu mpya ya brosha ya matembezi ya Mji wa Kale

Mwalimu, assalaam aleikum.

Brosha hii hapa. Uliniletea kurasa 24, nami nakurudishia 12. Najua ukiifungua utaanza kutafuta aya zako, kwa hivyo naomba uisome barua hii kwanza.

Juma lililopita nilikwenda na rasimu yako hadi nje ya lango la Ngome ya Yesu, nikakaa asubuhi nzima nikiwatazama wageni. Mgeni akishika karatasi huifungua, huipitisha macho, na ana maswali matatu tu: tunakutana wapi, tutatembea saa ngapi, na ni pesa ngapi. Katika rasimu yako mahali pa kukutana palikuwa ukurasa wa 17, bei ukurasa wa 22, na maelezo ya mavazi yamejificha katikati yake. Kabla mgeni hajafika huko, keshachukuliwa na mwongozaji mwingine. Sasa yote hayo yako ukurasa wa 2.

Mpangilio nao nimeubadili wote. Wewe uliandika kwa kufuata miaka, na ndivyo historia inavyosomeshwa darasani. Lakini mgeni wako hafuati miaka, anafuata njia. Kwa hivyo brosha sasa inatembea naye: inaanzia Ngomeni, inaingia Ndia Kuu, inapita Msikiti wa Mandhry, inateremka bandari ya zamani, inaishia kwenye kahawa. Kila kisa kimewekwa pale kilipo. Nilipopanga hivyo ndipo nilipogundua kwamba kuzingirwa kwa Ngome, mwaka 1696 hadi 1698, umekusimulia mara tatu: kwenye habari za Wareno, za Waomani, na tena za ukoo wenu. Nimekiacha mara moja, palepale ukutani, kwa sentensi nne. Hapo tu tumepata karibu kurasa mbili.

Orodha ya watawala nimeiondoa. Aya za Haller Park na Watamu pia, kwa sababu matembezi yako hayafiki huko.

Lililoniuma ni milango. Zile kurasa zako tatu ndizo zilizoandikwa vizuri kuliko zote, na nilizisoma mara mbili kabla sijathubutu kuzigusa. Tatizo ni kwamba umeeleza kila nakshi, yungiyungi, samaki, mnyororo, hadi mtu akimaliza kusoma hana sababu ya kusimama na wewe mbele ya mlango wenyewe. Nimekuona ukisimulia mambo hayo. Unamwambia mgeni aweke kidole juu ya mti, kisha unanyamaza kidogo, kisha unamuuliza: "Mnyororo huu umechongwa kumzuia nani?" Karatasi haiwezi kufanya hivyo. Kwa hivyo nimebakisha picha moja kubwa ya mlango na swali lako chini yake, bila jibu. Jibu watakuja kulisikia kwako. Maandishi yenyewe sikuyatupa, nimeyahifadhi kamili, na kwa maoni yangu yanafaa kuwa kijitabu cha peke yake cha kuwauzia wageni baada ya matembezi.

Na ile aya ya bibi yako, akingojea majahazi ya kaskazi juu ya baraza, ulikuwa umeiweka ukurasa wa 21. Mwalimu, hiyo ndiyo inayomfanya mtu atake kutembea na wewe na si na mwingine! Nimeileta ukurasa wa kwanza. Sikubadili neno, ila sentensi moja ndefu nimeikata ikawa mbili.

Huenda ukauliza kwa nini isiwe 14, tukarudisha kidogo. Kijitabu cha kupigwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne: ni 12 au 16. Nilijaribu 16, nikajikuta najaza nafasi. Tena kwa 12 tunaweza kuchukua karatasi nzito, ya gramu 150, picha ya mlango isionekane upande wa pili.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji nahitaji mambo matatu kutoka kwako. Bei ya watoto: ukurasa wa 6 wa rasimu yako unasema shilingi 500, wa 22 unasema 700. Mlango wa kwenye picha ni wa nyumba ya watu, na sijaona popote kwamba mwenyewe ameridhia, tafadhali mwendee. Na kuhusu msikiti nimeandika kwamba wageni wanautazama kwa nje tu. Kama kuna utaratibu mwingine na wazee wa msikiti, niambie nirekebishe.

Mchapaji anataka kazi Alhamisi. Jumanne baada ya alasiri nitapita kwako tuiangalie pamoja, na kama kuna aya unayoona haiwezi kukosekana, iwekee alama kwa kalamu tuizungumze.

Wasalaam,
Mhariri wako, Makadara