Safari yako: Stendi ya Mkanaledi hadi Mikindani

Agiza bajaji

Unatoka: Stendi ya Mkanaledi, Mtwara, upande wa geti la kutokea abiria
Unapitia: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula
Unakwenda: Mikindani, barabara kuu, mbele ya Boma la zamani

Saa zote kwenye ukurasa huu ni za Kiswahili. Saa 1:12 usiku ndiyo 19:12.

Bodaboda, abiria 1: Sh 7,900
Bajaji, abiria hadi 3: Sh 11,400
Gari dogo, abiria hadi 4: Sh 19,600

Hapa Mkanaledi mvua inanyesha na mabasi yamefika kwa pamoja, kwa hiyo wanaotafuta usafiri ni wengi kuliko bajaji zilizopo karibu. Nauli ya sasa imeongezwa asilimia 20, na nyongeza hiyo imo tayari ndani ya Sh 11,400 unayoiona. Kama huna haraka, bonyeza Nijulishe ikishuka, nasi tutakutumia ujumbe.

[ Agiza kwa Sh 11,400 ]  [ Nijulishe ikishuka ]

Ukishabonyeza Agiza, asilimia 20 haipandi tena kwenye safari hii, hata mvua ikizidi. Nauli inaweza kubadilika kwa mambo matatu tu: ukibadili njia au mwisho wa safari, ukimweka dereva akusubiri kupita muda wa bure, au ukiwa na mzigo ambao hukuutaja kabla ya kuagiza.

Dereva anakuja

Bakari amepokea safari yako saa 1:13 usiku.
Bajaji ya bluu yenye turubai jeusi. Atafika baada ya dakika 6.
Namba yako ya kuanzia safari: 4072

Mtajie Bakari namba hii ukishakaa ndani, usimtumie kabla. Bila hiyo namba safari haianzi na nauli haihesabiwi. Kabla ya kupanda, linganisha namba ya usajili iliyo nyuma ya bajaji na ile iliyo kwenye picha hapo juu. Zisipofanana, usipande. Bonyeza Siyo bajaji hii; hutatozwa chochote, na sisi tutampigia dereva.

Ujumbe wa haraka kwa dereva:
Niko kwenye kibanda, mvua inanyesha. Sogea karibu tafadhali, kaka.
Nina mzigo. Je, nafasi ipo?
Nakuja, nipe dakika mbili.

Unaweza kughairi bure hadi saa 1:15 usiku.

[ Piga simu ]  [ Tuma ujumbe ]  [ Ghairi safari ]

Ukibonyeza Ghairi safari

*Kabla ya saa 1:15:*

Ughairi safari hii? Hutatozwa kitu.
[ Ndiyo, ghairi ]  [ Hapana, naendelea ]

*Baada ya saa 1:15, dereva akiwa njiani:*

Ukighairi sasa utatozwa Sh 1,000. Bakari ameshaendesha kilomita 2.1 kukufuata, na mafuta ya mwendo huo ametoa mfukoni mwake. Sh 1,000 yote inakwenda kwake, sisi hatuchukui hata shilingi.
[ Naendelea na safari ]  [ Ghairi, nikatwe Sh 1,000 ]

*Dereva akiwa ameshafika na kukusubiri dakika 5:*

Bakari yupo Mkanaledi tangu saa 1:19 usiku. Amekupigia simu na hujapokea. Usipotokea hadi saa 1:24, anaruhusiwa kuondoka, na ada ya kughairi itakuwa Sh 1,500.
[ Nakuja sasa hivi ]  [ Ghairi, nikatwe Sh 1,500 ]

Kwa bodaboda ada hizi ni Sh 700 na Sh 1,000. Kwa gari dogo ni Sh 2,000 na Sh 3,000.

Kwa nini unaghairi? Jibu kwa ukweli, kwa sababu jibu lako ndilo linaloamua nani alipe.

Nimebadili mawazo
Nimepata usafiri mwingine
Dereva amechelewa
Dereva haji upande wangu
Dereva ameniomba nighairi mimi
Dereva anataka nauli zaidi ya iliyoandikwa
Dereva amekataa mzigo niliomtajia
Bajaji au dereva siyo wa kwenye picha

Ukichagua mojawapo ya sababu sita za mwisho, ada inasimama papo hapo. Tunaangalia ramani ya mwendo wake na rekodi za ujumbe wenu, kisha tunakujibu ndani ya saa 24. Dereva akichelewa zaidi ya dakika 5 kupita muda tuliokuambia, ada inafutwa yenyewe, huna haja ya kuomba.

Kuna madereva wanaompigia abiria na kumwambia, "Dada, ghairi wewe, mimi nimekwama." Usikubali. Dereva aliyekwama ana kitufe chake cha kuachia safari, na akikitumia wewe hutozwi. Ukighairi wewe, mfumo unakuhesabu wewe ndiye uliyevunja ahadi.

Unalipaje ada ya kughairi? Ukilipia kwa simu, itakatwa kwenye akaunti ileile uliyochagua, baada ya wewe kuthibitisha kwa namba yako ya siri. Ukilipa taslimu, itaongezwa kwenye safari yako ijayo, katika mstari wake wenyewe, wenye tarehe ya safari uliyoghairi. Hatuifichi ndani ya nauli. Deni hili halizai riba, na halikuzuii kuita usafiri wa kwenda hospitali.

Dereva amefika

Bakari amefika saa 1:19 usiku. Dakika 3 za mwanzo za kusubiri ni bure. Baada ya hapo ni Sh 100 kwa kila dakika.

Umetaja mzigo: ndoo 2 na kiroba 1. Nyongeza ya mzigo ni Sh 1,000 kwa safari nzima. Begi moja na mfuko wa mkononi havitozwi. Magongo ya kutembelea, kiti cha magurudumu na vitu vya mtoto mchanga havihesabiwi mzigo.
[ Nakubali Sh 1,000 ]  [ Nitaacha mzigo ]  [ Ghairi bure ]

Safari inaendelea

Umeanza saa 1:21 usiku. Utafika Ligula saa 1:33.

[ Shirikisha safari kwa ndugu ]  [ Badili mwisho wa safari ]  [ Dharura: piga polisi 112 ]

Utakayemshirikisha ataona bajaji ilipo hadi utakaposhuka. Baada ya hapo kiungo kinakufa.

*Ukiwa Ligula:*

Bakari anakusubiri. Dakika 3 za mwanzo ni bure, kisha Sh 100 kwa dakika. Hadi sasa: dakika 8, Sh 500. Ukiona utakaa muda mrefu ndani, ni nafuu kumaliza safari hapa na kuita bajaji nyingine baadaye.
[ Narudi, nisubiri ]  [ Malizia safari hapa ]

Umefika Mikindani

Saa 2:00 usiku. Kilomita 13.4. Dakika 31 za mwendo, dakika 8 za kusubiri.

Jumla ya kulipa: Sh 12,900

Mchanganuo wa nauli

Nauli ya kuanzia: Sh 1,000
Umbali, km 13.4 × Sh 500: Sh 6,700
Muda wa mwendo, dakika 31 × Sh 50: Sh 1,550
Nauli kabla ya nyongeza: Sh 9,250

Nyongeza ya wakati wa abiria wengi, asilimia 20 ya Sh 9,250: Sh 1,850
Kusubiri Ligula, dakika 5 × Sh 100 (dakika 3 ni bure): Sh 500
Kusubiri Mkanaledi, dakika 2: bure
Mzigo, ndoo 2 na kiroba 1: Sh 1,000
Nyongeza ya usiku: haikutozwa
Ada ya kuita usafiri: Sh 300

Mbona uliambiwa Sh 11,400? Kiasi hicho kilikuwa nauli ya Sh 9,250, nyongeza ya Sh 1,850 na ada ya kuita ya Sh 300. Sh 1,500 zilizozidi ni kusubiri Ligula na mzigo, na vyote viwili vilikuja baada ya kuagiza.

Pesa hii inakwenda wapi? Bakari anapata Sh 10,935: asilimia 85 ya nauli pamoja na nyongeza ya abiria wengi, na malipo yote ya kusubiri na ya mzigo. Sisi tunabaki na Sh 1,965. Tunaandika hivi kwenye kila risiti kwa sababu abiria wengi huamini nauli ikipanda dereva ndiye anayekula yote, na hugombana naye bure.

Umechagua kulipa taslimu. Mpe Bakari Sh 12,900. Asipokuwa na chenji, mpe Sh 13,000 na ubonyeze hapa chini. Sh 100 yako itabaki kwenye akaunti na kupunguza safari ijayo.
[ Nimelipa Sh 12,900 ]  [ Nimelipa Sh 13,000, chenji iwekwe ]  [ Lipa kwa M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au Mixx by Yas ]

Hulazimiki kumwongeza dereva kitu. Ukipenda kumpa asante, yote ni yake.

Nyongeza nyingine unazoweza kukutana nazo

*Usiku.* Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, Sh 1,000 kwa bajaji. Inahesabiwa kwa saa uliyoanza safari. Ukianza saa 3:55 usiku na kufika saa 4:20, hutozwi. Nyongeza ya usiku na ya abiria wengi hazitozwi pamoja. Inachukuliwa iliyo kubwa.

*Abiria wengi.* Haizidi asilimia 40, iwe siku ya mechi Nangwanda Sijaona au siku ya mvua kubwa. Kwa safari inayoanzia au kuishia Hospitali ya Ligula peke yake, bila kituo kingine, haitozwi kabisa.

*Geti na maegesho.* Uwanja wa ndege au bandarini, kama dereva amelipa kuingia, unarudisha kiasi kilichoandikwa kwenye risiti ya geti. Dereva lazima aipige picha ionekane hapa. Hakuna picha, hakuna malipo.

*Kivuko cha Msangamkuu.* Safari inaishia kwenye gati la upande wa Mtwara. Ukitaka bajaji ivuke nawe, mkubaliane kabla ya kuagiza, na utalipa tiketi za kivuko, kwenda na kurudi kwa chombo, kama zilivyoandikwa.

*Uchafu.* Samaki akivuja maji au kitu kikimwagika, Sh 3,000, kwa picha iliyopigwa ndani ya dakika 30. Mtoto au mgonjwa akitapika, hatutozi. Gharama ya kusafisha tunambebea dereva sisi.

Huridhiki na nauli?

Chagua mstari unaoupinga kwenye mchanganuo, utuambie kilichotokea. Huna haja ya kuandika barua ndefu. Una siku 7, na tukikuta umetozwa kimakosa pesa inarudi kwa njia uliyolipia. Kwa aliyelipa taslimu, inatumwa kwenye namba yake ya simu. Jibu letu lisipokuridhisha, una haki ya kupeleka lalamiko kwenye ofisi ya LATRA ya mkoa. Risiti hii inatosha kuwa ushahidi, nasi tutaihifadhi ili uweze kuipakua tena.

[ Napinga: kusubiri ]  [ Napinga: mzigo ]  [ Napinga: umbali ]  [ Napinga: nyongeza ya 20% ]

Umesahau kitu kwenye bajaji?

Piga simu kupitia hapa hadi saa 2:00 usiku wa kesho. Namba yako na ya Bakari hazionekani kwa mwenzake. Akikuletea kitu chako Mikindani, utalipa nauli ya kawaida ya umbali huo, bila nyongeza ya abiria wengi. Ukikifuata mwenyewe, ni bure.

[ Mpigie Bakari ]  [ Pakua risiti ]  [ Funga ]