Yah: Vifaa vya nyongeza baada ya kubadilisha ukuta wa sebule na dainingi, nyumba ya Goba

Goba, Dar es Salaam
12 Machi 2025

Kwa Mama Neema,

Salaam. Barua hii inahusu maagizo uliyoyatoa saitini Jumamosi tarehe 8 Machi, kwamba ukuta kati ya sebule na dainingi uondolewe na pabaki wazi. Kwenye ramani iliyogongwa muhuri wa Manispaa ukuta huo upo, na bei tuliyokubaliana kwenye mkataba ilihesabiwa nao ukiwemo. Mhandisi wako ametuletea mchoro wa badiliko jana. Naeleza hapa kinachoongezeka, kinachopungua, na kwa nini.

Kwanza, ukuta ule haukuwa wa kugawa vyumba tu. Kenchi za upande wa sebule na za upande wa dainingi zote zinakuja kukaa juu yake. Linta ya kawaida tuliyopanga kuizungusha nyumba nzima (sentimita 15 kwa 22.5, nondo 4 za milimita 12) imelala juu ya tofali mwanzo hadi mwisho. Tofali zikiondoka, linta hiyo itaning'inia na mzigo wa paa juu yake. Itapinda katikati na kupasuka upande wa chini, na nyufa utaziona kwenye plasta na siling'i. Kuongeza nondo mbili ndani ya linta ileile, kama wanavyofanya wengine, hakusaidii sana, kwa sababu kinachokosekana hapo ni kina cha bimu.

Mhandisi ameweka bimu ya sentimita 23 kwa 45, juu ya nguzo mbili za sentimita 23 kwa 23. Ukuta wote una urefu wa mita 6.2, nawe uliomba uondoke wote. Mchoro unabakiza kipande cha sentimita 67 kila upande, kisha nguzo, na uwazi safi ni mita 4.4. Sababu iko chini ya ardhi. Nguzo ingebanwa kwenye ukuta wa nje, shimo la besi yake lingeingia chini ya msingi ambao umeshabeba kozi tano. Hilo sitalifanya hata ukiniruhusu.

Besi ni mita 1 kwa 1, unene sentimita 30, na shimo linakwenda mita 1.2 kutoka usawa wa jamvi. Jamvi limeshamwagwa, kwa hiyo tutalikata sehemu mbili. Nailoni ya kuzuia unyevu itakatika pale. Tutaipandishia kipande kipya kwa sentimita 30 kila upande kabla ya kurudishia zege.

Zege ya besi, nguzo na bimu ni mita za ujazo 1.6 pamoja na upotevu, kwa ratio ya 1:1.5:3. Hiyo ni mifuko 13 ya saruji. Miwili mingine ni ya zege nyepesi chini ya besi na plasta ya bimu na nguzo.

Kwenye nondo naomba uangalie kwa makini, maana hapo ndipo wateja huona fundi kazidisha. Nondo za chini za bimu ni 4 za milimita 16, kila moja mita 5.3 pamoja na kona. Nondo ya dukani ni mita 12, inatoa vipande viwili, na kipande cha mita 1.4 kinabaki. Hatuwezi kuunga mabaki ili kuokoa, kwa sababu kiungo kingeangukia katikati ya bimu, pale inapovutwa zaidi. Kwa nguzo, kila nondo ya milimita 12 inatoa vipande viwili vya mita 4.35 na kubakiza mita 3.3, mabaki hayo hayatupwi, tunayakata vipande vitatu vya mita 1.1 kwa ajili ya wavu wa besi. Ringi za milimita 8 ni 33 za bimu na 50 za nguzo, kila sentimita 15.

Vinavyoongezeka, kwa bei za duka tulizoulizia wiki hii:

Saruji mifuko 15 × 17,000 = 255,000
Nondo mm 16, 2 × 46,000 = 92,000
Nondo mm 12, 7 × 27,000 = 189,000
Nondo mm 8, 8 × 13,000 = 104,000
Kokoto mita za ujazo 1.5 × 65,000 = 97,500
Bindingi waya kilo 3 × 4,000 = 12,000
Mirunda 9 × 4,000 = 36,000
Misumari kilo 3 × 5,000 = 15,000
Jumla ya vifaa: Sh 800,500

Mbao za fomu nitatumia zangu. Mchanga sijauweka, kwa kuwa unaoongezeka kwenye zege unakaribiana na ule uliokuwa wa kujengea na kupigia plasta ukuta.

Vinavyopungua ni tofali 100 za inchi 6 (160,000), saruji mifuko 6 ya kujengea, plasta na linta (102,000), nondo moja ya mm 12 (27,000) na moja ya mm 8 (13,000). Jumla Sh 302,000. Utauliza kwa nini nondo moja tu ya mm 12 wakati linta yote ya hapo imeondoka: nondo za linta ya pande zote mbili lazima ziingie ndani ya bimu sentimita 60 ili nyumba ibaki imefungwa pamoja.

Ufundi wa kukata jamvi, kuchimba, kusuka nondo, kufunga fomu na kumwaga ni Sh 300,000. Napunguza Sh 97,500 ya kujenga na kupiga plasta ukuta usiokuwepo.

Kwa hiyo unaongeza vifaa Sh 498,500 na ufundi Sh 202,500, jumla Sh 701,000.

Ujue pia kwamba bimu itatokeza kama sentimita 4 kila upande wa ukuta. Siling'i inaweza kuificha ikishushwa hadi usawa wake wa chini, lakini hiyo ni kazi nyingine na haimo humu. Mirunda haitatolewa kabla ya siku 14, na kenchi hazitapanda juu ya bimu kabla ya siku 21. Vyumba vya kulala vitaendelea wakati huo, ila paa litachelewa.

Kama gharama ni kubwa, mhandisi amekubali njia ya pili: uwazi wa mita 2.4 katikati ya ukuta, linta ikiongezwa kina hadi sentimita 30 na nondo mbili za mm 12 pale tu. Hakuna nguzo wala kukata jamvi, na nyongeza haizidi Sh 85,000. Kwa maoni yangu, kwa sebule ya ukubwa ule inatosha, lakini nyumba ni yako.

Ramani iliyorekebishwa inapaswa kurudishwa Manispaa kabla hatujamwaga besi. Mhandisi anaweza kuipeleka. Mkaguzi akikuta nguzo zisizo kwenye kibali anaweza kusimamisha kazi yote.

Naomba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kabla ya Ijumaa tarehe 14 jioni, ukitaja njia ya kwanza au ya pili. Ukichagua ya kwanza, Sh 498,500 za vifaa zitangulie. Ufundi utalipa bimu ikishamwagwa. Risiti zote za duka utapewa, na pesa ya vifaa ikibaki inarudi kwako. Hadi nipate jibu, mafundi watajenga upande wa vyumba na ukuta huo hatutaugusa.

Wako katika kazi,

Rashidi
Fundi mkuu

Nakala: Mhandisi